Kibandiko cha Pasi

Dada mmoja wa Kitengela, auzaye vyombo vya umeme vya mtumba, aliletewa pasi na nduguye kutoka Marekani. Fundi akaikata plagi yake ya pini mbili bapa, akaitia ya pini tatu. Dada akaitangaza hivi: “Pasi, wati 1200, plagi ya Kenya.” Mama mmoja wa mjini Kajiado akainunua. Alipoichomeka ikapata moto kupita kiasi, ikatoa moshi, na kitambo kidogo ikafa kabisa.

Tangazo lile liliacha jambo lililokuwa kubwa kuliko yote, nalo ni volti. Chini ya pasi kibandiko kilisema 120V, 60Hz, 1200W. Wati hizo 1200 ni za umeme wa Marekani wa volti 120, ambao kwao pasi huvuta ampea 10. Umeme wetu wa Kenya ni volti 240. Volti zikizidi mara mbili, ampea nazo huzidi mara mbili, zikawa 20. Na 240 mara 20 ni wati 4800. Pasi ikatwishwa mzigo wake mara nne. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo ndani ya plagi haikuiokoa, kwani haikatiki papo hapo kwa ampea 20.

Plagi, basi, ni umbo tu. Adapta ibadilishayo pini haipunguzi hata volti moja. Transfoma ndiyo ipunguzayo, na ile iwezayo kubeba pasi ya wati 1200 ni nzito, tena huenda ikapita bei ya pasi mpya.

Kitengela iko kwenye barabara ya Namanga, na wanunuzi wengine huvuka mpaka. Umeme wa Tanzania ni volti 230, hezi 50. Chombo kilichoandikwa 220–240V, 50Hz kinafaa kote kuwili. Hata hivyo taja plagi, maana nyumba nyingine za huko zina soketi za matundu matatu ya mviringo. Hapo adapta yatosha.

Waletao vyombo kutoka Saudia watazame zaidi hezi. Volti zao ni 230, karibu sawa na zetu, lakini hezi ni 60. Birika halijali hilo. Friji iliyoandikwa 60Hz pekee hujali, kwa kuwa mota yake huzunguka polepole kwenye hezi zetu 50 na kupata joto. Chaja ya simu iliyoandikwa 100–240V, 50/60Hz haina tatizo popote.

Dada yule alimrudishia mama wa Kajiado fedha zake. Tangazo lake la pasi iliyofuata lilisomeka hivi: “Pasi, 220–240V, 50Hz, 1200W, plagi ya pini 3 bapa, fyuzi ya ampea 13.” Na kando yake, picha ya kibandiko.