Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Rufaa ya Muhimbili ipi?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu barua za rufaa zinazotoka hospitali za wilaya na mikoa zikiwa na neno "Muhimbili" peke yake, bila kusema Muhimbili ipi. Mwandishi wa barua anajua anachomaanisha. Anayeibeba, ambaye ni mgonjwa na ndugu mmoja wa kumshika mkono, mara nyingi hajui.

Kwa jina hilo watu wanamaanisha sehemu nyingi. Ipo Hospitali ya Taifa Muhimbili ya Upanga, iliyofunguliwa mwaka 1956 ikiitwa Princess Margaret. Ipo Muhimbili Mloganzila, iliyozinduliwa mwaka 2017 na mwaka uliofuata ikawekwa chini ya Hospitali ya Taifa. Iko nje ya mji upande wa Kibamba, zaidi ya kilomita 20 kutoka Upanga. Halafu, ndani ya eneo lile lile la Upanga, ipo MOI, Taasisi ya Mifupa iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, inayotibu pia ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Ipo na JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Hizi mbili ni taasisi zinazojitegemea, zenye uongozi wao na usajili wao wa wagonjwa. Lakini ukimuuliza mtu aliyemsindikiza mgonjwa wa moyo alikuwa wapi, atakwambia alikuwa Muhimbili, na hajakosea.

Chukua mfano wa shangazi yangu, anayeishi mkoani Morogoro. Goti lake lilikuwa limelika hata kupanda ngazi haiwezekani. Hospitali aliyotibiwa, ambayo sitaitaja, ilimpa barua iliyoandikwa kwa mkono: "Muhimbili, kwa uchunguzi zaidi wa goti." Mtu angedhani ugonjwa wenyewe unatosha kuonyesha njia: goti ni mfupa, basi aende MOI. Haitoshi, kwa sababu Mloganzila nako wanapandikiza magoti na nyonga. Barua ile ilikuwa sahihi kwa sehemu mbili zilizo mbali mbali kiasi hicho.

Na kwa anayetoka Morogoro kwa basi, jibu linatakiwa kabla hajapanda. Njia ya Mloganzila inaachana na Barabara ya Morogoro maeneo ya Kibamba, kabla hujafika Mbezi. Mgonjwa asiyejua anapitishwa pale akiwa dirishani, anashushwa stendi ya Magufuli, anatafuta usafiri wa kumfikisha mjini, kisha Upanga anaambiwa arudi alikotoka. Kwa mtu mwenye goti bovu, safari hiyo ya pili ni adhabu, na siku ya kliniki inakuwa imeshapita.

Tulimpigia simu daktari aliyeandika rufaa, na hapo ndipo nilipoona namna ya kuuliza ilivyo na uzito. Binamu yangu aliuliza kwanza: "Dokta, ni Muhimbili ya Upanga, sio?" Daktari, akiwa katikati ya kazi, akaitikia ndiyo. Nikaomba simu, nikauliza kwa namna nyingine: "Shikamoo dokta. Mgonjwa akifika, amwone daktari wa kliniki gani, siku gani, na wewe uliongea na nani huko?" Akasimama kidogo. Akasema aliongea na bingwa wa mifupa wa Mloganzila, na kliniki yake ni Jumatano. Yule yule aliyeitikia Upanga dakika moja kabla. Hakudanganya. Aliulizwa swali lililokuja na jibu lake mkononi, akaliitikia.

Kuuliza "Hapo ni Muhimbili?" hakusaidii, kwa sababu kila sehemu niliyoitaja itajibu ndiyo. Swali linalofaa ni lile ambalo Upanga na Mloganzila haziwezi kulijibu sawa, na ambalo halijibiki kwa ndiyo au hapana. "Nikitokea Mbezi nipande gari la wapi, nishuke kituo gani?" ni swali la namna hiyo, maana hakuna anayeweza kulijibu bila kutaja mahali. "Kliniki ni siku gani na nani anaiendesha?" nalo linasaidia, kwa kuwa kila sehemu ina ratiba yake.

Kwa anayemtafuta ndugu aliyepelekwa usiku kwa gari la wagonjwa, swali bora ni la wodi. Akiambiwa Mwaisela, Kibasila au Sewahaji, ajue ni Upanga, kwenye hospitali kuu, wala asihangaike kwenda Mloganzila. Tatizo ni kwamba mtu wa mkoani hayajui majina haya, hivyo inabidi aongeze swali: "Hiyo wodi iko jengo gani, nikiingia getini naelekea wapi?"

Kwa anayerudi kliniki, jibu lipo kwenye kadi yenyewe. Asiangalie neno Muhimbili, asome mstari wa juu kabisa kujua ni taasisi gani iliyoitoa. Kadi ya MOI na kadi ya hospitali kuu zinatoka kwenye usajili tofauti, hata kama milango yake iko umbali wa kutembea kwa miguu. Kwa wagonjwa wa moyo kuna swali moja zaidi, kwa sababu JKCI nayo ina huduma zake Dar Group, karibu na TAZARA. Kwa hiyo hata aliyeandikiwa "JKCI" na si "Muhimbili" bado ana haki ya kuuliza: ipi?

Wenzetu wa elimu walishalikabili hili. Shule zenye jina moja ni nyingi nchini, lakini Baraza la Mitihani halizitambui kwa majina peke yake. Kila kituo cha mtihani kina namba yake, inayoanza na S kwa sekondari au PS kwa msingi, na mzazi akiishika hiyo namba hachanganyi matokeo ya mwanawe na ya shule ya wilaya nyingine. Wizara yako nayo ina rejesta ya vituo vya afya ambamo kila kituo kina namba yake. Namba hiyo sijaiona kwenye barua ya rufaa niliyowahi kuishika.

Ninachoomba ni kidogo, Mheshimiwa. Fomu ya rufaa iwe na nafasi ambazo daktari hawezi kuziruka: jina kamili la taasisi, sehemu ilipo, kliniki na siku yake, na namba ya kituo kwenye rejesta. Chini yake uwepo mstari mmoja wa Kiswahili kwa ajili ya msafiri, unaomwambia ashuke wapi. Wapokea simu wa sehemu zote hizi waanze kwa kutaja walipo kabla mpigaji hajauliza: "Muhimbili Mloganzila, karibu," au "MOI Upanga, karibu." Na wauguzi wanaokabidhi rufaa mikoani waelekezwe kumwomba mgonjwa aseme kwa mdomo wake anakwenda wapi na anashukia wapi. Akishindwa kusema, arudishwe kwa daktari siku hiyo hiyo barua ikamilishwe, kabla hajakata tiketi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kibaha