Kodi ya mshahara: aliyefanya kazi miezi 7 analipa kama aliyefanya miezi 12

Mwisho wa mwaka wa 2024, katika ofisi nyingi za mashirika ya mji wa Bunia, mambo yalienda kwa namna ileile: mikataba iliisha, wafanyakazi walirudisha simu na kadi za kazi, walipewa karatasi ya mwisho ya mshahara na walienda nyumbani. Kwenye karatasi hiyo kulikuwa na mstari ulioandikwa IPR, ni kusema kodi iliyokatwa kwenye mshahara. Wengi waliutazama mstari huo kama vile mtu anavyotazama mvua: imenyesha, basi. Hakuna aliyeuliza kama pesa zilizokatwa mwezi kwa mwezi zililingana na kodi ambayo sheria iliomba kwa mwaka mzima. Mara nyingi hazikulingana.

Kodi hii ilitoka katika sheria ya tarehe 10 Februari 1969, ambayo ilibadilishwa mara nyingi baada ya hapo. Kufwatana na viwango vya mwaka wa 2024, sheria ilihesabu kwa mwaka. Kwenye franka 1 944 000 za kwanza, mfanyakazi alilipa 3%. Kutoka hapo mpaka franka 21 600 000, alilipa 15%. Kutoka hapo mpaka 43 200 000, ilikuwa 30%, na kwa kilichozidi ilikuwa 40%. Kwa sababu mishahara inalipwa kila mwezi, bosi aligawanya namba hizo kwa 12. Ndiyo maana kwenye meza ya mhasibu ngazi ya kwanza iliishia 162 000 na ya pili iliishia 1 800 000. Kugawanya kwa 12 ni njia ya kurahisisha kazi tu, na njia hiyo inadhani kwamba mtu analipwa miezi yote 12, tena mshahara uleule. Katika Ituri, mahali ambapo mradi unafunguliwa Januari na kufungwa Julai, ni wangapi wanaolipwa hivyo?

Chukua mfano wa kijana asiye na mke wala watoto, anayeangalia magari na stoki ya shirika fulani. Mshahara wake ni franka 3 000 000 kwa mwezi. Kwanza wanakata 5% ya CNSS, ni kusema 150 000, na kodi inahesabiwa kwenye 2 850 000 zinazobaki. Kwenye 162 000 za kwanza analipa 4 860. Kwenye 1 638 000 zinazofuata analipa 245 700. Franka 1 050 000 zinazobaki zinaangukia katika ngazi ya 30%, na hapo analipa 315 000. Jumla ni 565 560 kila mwezi. Mkataba unaisha mwezi wa 7, na kazi nyingine haipatikani mpaka Desemba. Kwa miezi hiyo 7 amekatwa 3 958 920.

Sasa hesabu ileile ifanywe kwa mwaka. Kwa mwaka mzima kijana huyu amepata franka 19 950 000 zinazotozwa kodi, na hajafika hata 21 600 000. Ni kusema ngazi ya 30% haimhusu kabisa. Anapaswa kulipa 58 320 kwenye ngazi ya kwanza na 2 700 900 kwenye ya pili, jumla 2 759 220. Amelipa zaidi kwa franka 1 199 700. Kwa mtu ambaye amekaa miezi 5 bila mshahara, hiyo ni pesa ya kodi ya nyumba, au ya masomo ya wadogo zake.

Pesa hizo hazikuibwa na bosi. Kila tarehe 15 ya mwezi unaofuata, bosi anapaswa kuzitangaza na kuzilipa kwa DGI, na mhasibu wake amefuata meza ya mwezi bila kosa. Kosa linaanza pale ambapo, baada ya mwezi wa mwisho, hakuna anayerudi nyuma kujumlisha. Wakongomani walio na ndugu Ubelgiji wanajua kwamba huko, mwaka unaofuata, ofisi ya kodi inatuma karatasi inayolinganisha kilichokatwa na kilichopaswa kukatwa, halafu mtu anarudishiwa au anaombwa kuongeza. Hapa kwetu, mwaka wa 2024, mfanyakazi hakutumiwa karatasi kama hiyo.

Kwa wale wanaobaki kazini mpaka Desemba, dawa iko karibu zaidi. Mfanyakazi ambaye kila mwezi ana 1 500 000 zinazotozwa kodi, na mwezi wa Desemba anapewa mshahara wa 13, anaonekana kwa mwezi huo mmoja kama tajiri: kodi yake inapanda kutoka 205 560 mpaka 610 560. Lakini ukijumlisha mwaka mzima, ametozwa franka 180 000 zaidi. Mhasibu angeweza kuliona jambo hilo kabla ya kutoa mshahara wa Desemba. Inafaa ajumlishe mapato ya miezi yote, ahesabu kodi kwa namba za mwaka, atoe kilichokwisha kukatwa tangu Januari, na kinachobaki kiwe ndicho kodi ya Desemba. Kwa mhasibu mwenye kompyuta hiyo si kazi ya siku nzima.

Hapohapo aangalie pia watu wa nyumbani. Sheria hiyo ilipunguza kodi kwa 2% kwa kila mtu wa familia ambaye mfanyakazi alimtunza, bila kupita watu 9. Kama kijana wa mfano wa juu angekuwa na mke na watoto 3 lakini faili lake halikuandika hata mmoja, kwa kodi yake ya mwaka angekuwa amepoteza zaidi ya franka 220 000 nyingine. Wengi wanaishi hivyo kwa sababu tu hawakuleta cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Inafaa kusema pia upande ambao hautawafurahisha wote. Mwalimu wa chuo kikuu anayefundisha katika vyuo 2, na kila chuo kinamlipa 1 500 000 zinazotozwa kodi, anakatwa kila mahali kana kwamba hana kazi nyingine. Hakuna chuo kinachofika kwenye ngazi ya 30%. Kwa mwaka anakatwa 4 933 440, lakini mishahara yote miwili ikiwekwa pamoja, kodi ni 7 326 720. Hesabu ya mwisho wa mwaka ingemwambia kwamba bado kuna 2 393 280 za kulipa. Huenda ndiyo sababu baadhi ya watu wenye sauti katika miji yetu hawaharakishi kuiomba hesabu hiyo. Hata hivyo, si haki kwamba mwenye kazi 2 apunguziwe huku aliyepoteza kazi Julai akilipa kwa ngazi ya wakubwa.

Aliyeondoka kazini katikati ya mwaka ndiye mwenye shida kubwa, kwani bosi wake wa zamani amekwisha kulipa DGI na hana mfuko wa kumrudishia. Hapo kuna mambo mawili yanayowezekana. La kwanza, kila shirika limpe anayeondoka karatasi moja yenye jumla ya mapato yake, CNSS yake na IPR yake tangu Januari, na mhuri juu yake. Akipata kazi mpya Oktoba, bosi mpya ataona kwamba mtu huyu amekaa miezi bila mshahara, na ataelewa kwa nini meza ya mwezi inamkata kupita kiasi. La pili ni la DGI yenyewe: kupokea karatasi hizo kwenye ofisi za jimbo, kuzilinganisha na yale mashirika yaliyotangaza kila mwezi, na kumjibu mtu kwa maandishi kama amelipa zaidi au kama kuna deni. Namba zote inazo tayari, kwani mashirika yanazipeleka kila tarehe 15.

Mwaka wa 2024, mfanyakazi ambaye mkataba wake uliisha tarehe 31 Desemba aliweza kuchukua fishi zake za mshahara, kujumlisha mistari ya IPR, na kuweka jumla hiyo mbele ya mhasibu kabla hajasaini karatasi ya mwisho.