Milo mitatu, makundi manne

Mkoa wa Iringa unalima mahindi, maharage na mboga kwa wingi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tatizo hilo halionekani kwa kuhesabu milo peke yake.

Chukua mtoto wa miezi 10 anayenyonya. Jana alipewa uji wa mahindi asubuhi, ugali na maharage mchana, ugali na mchicha jioni. Kwa idadi ya milo amefaulu, kwani anayenyonya wa miezi 9 hadi 23 anahitaji angalau mitatu. Kwa mchanganyiko ameshindwa. Kipimo cha WHO na UNICEF kinataka makundi matano ya vyakula kati ya manane, naye ana manne: maziwa ya mama, nafaka, mikunde na mboga yenye vitamini A. Yai moja, au dagaa waliosagwa, lingekuwa kundi la tano. Dagaa kidogo wa kukoleza ladha hawahesabiwi.

Kipimo hiki huuliza mlo wa jana tu na hakipimi kiasi, hivyo kinafaa kueleza hali ya kata nzima, si kumhukumu mama mmoja. Tunaitaka halmashauri itoe takwimu za viashiria vyote viwili, kisha bajeti ya lishe ielekezwe kwenye mayai, dagaa na maziwa.