SAYANSI NA MAISHA: Ndege hupunguzaje mwendo bila kuanguka?

Wakazi wa Cheptiret wamezoea kuziona ndege zikishuka kuelekea uwanja wa kimataifa wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka 1997. Msomaji anayezitazama kwa makini ataona kwamba bawa la jeti inayokaribia kutua halina umbo lile lile la bawa la jeti iliyo juu mawinguni. Nyuma yake huteremka vibao vipana, na ukingo wa mbele husogea na kuinama. Vibao vya nyuma huitwa flapu, na vya mbele huitwa sleti.

Bawa hubebwa na hewa inayopita juu na chini yake. Mwendo ukipungua kwa nusu, nguvu ya kuinua hupungua hadi robo. Rubani anaweza kufidia kwa kuinua pua ili bawa lielekee juu zaidi, lakini kuna kikomo. Kwa bawa tupu, likifika nyuzi 15 hivi, hewa haiwezi tena kuufuata mgongo wake. Hubanduka, na nguvu nyingi ya kuinua hupotea ghafla.

Flapu hulipanua bawa na kulipinda zaidi, hata likabeba uzito ule ule kwa mwendo mdogo. Sleti ina kazi nyingine. Inaposogea mbele huacha mwanya, na hewa yenye kasi hupenya humo na kuushika mgongo wa bawa. Kwa hiyo bawa linaweza kuinuliwa kupita nyuzi 20 kabla hewa haijabanduka.

Ajali ya Nairobi ya tarehe 20 Novemba 1974 ilionyesha jinsi vibao hivyo vinavyotegemeana. Boeing 747 ya shirika la Lufthansa iliruka kuelekea Johannesburg. Flapu za nyuma zilikuwa zimeteremshwa, lakini zile za mbele hazikutoka, kwa kuwa vali za hewa ya kuzisukuma zilikuwa zimefungwa. Ndege iliacha ardhi, ikaanza kutetemeka, ikashindwa kupanda, na kuanguka kiasi cha kilomita moja tu baada ya mwisho wa barabara ya kurukia. Kati ya watu 157 waliokuwemo, 59 walikufa. Baadaye Boeing iliongeza mitambo ya kuwaonya marubani wa ndege hizo kuhusu kasoro ya namna hiyo.

Sasa tuje kwenye kutua. Tuchukue mfano wa jeti ambayo, vibao vyote vikiwa nje, hutua Mombasa kwa kilomita 240 kwa saa na kusimama baada ya mita 1,500 za breki. Tuseme vibao vimekwama na bawa tupu lina asilimia 60 tu ya uwezo ule. Itambidi rubani aje kwa kilomita 310, na breki zitahitaji mita 2,500.

Eldoret iko juu, karibu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Jeti ile ile, ikiwa na vibao vyote, itagusa ardhi kwa kilomita 266 na kuhitaji mita 1,850. Bila vibao itakuwa kilomita 344 na mita 3,080. Barabara ya Eldoret ina urefu wa karibu mita 3,500, na sehemu yake hupita kabla magurudumu hayajagusa chini. Akiba inayobaki ni ndogo, na breki zitapata moto mkali.

Mbona basi ndege isiruke na vibao nje safari nzima? Kwa sababu ya ukinzani wa hewa. Hatua za kwanza za flapu huongeza hasa nguvu ya kuinua. Hatua za mwisho huongeza hasa ukinzani, na injini hula mafuta zaidi kuushinda. Wakati wa kushuka ukinzani huo ni wa manufaa, kwani ndege haipati mbio, na injini hubaki zikizunguka kwa nguvu kiasi, tayari kuitika haraka.

Taabu huja rubani akilazimika kuacha kutua na kupanda tena, pengine kwa sababu kuna ng'ombe barabarani. Huko Eldoret hewa nyepesi huzipunguzia injini nguvu pia. Huongeza moto, kisha hurudisha flapu hatua moja tu kwanza ili kuondoa ule ukinzani mwingi. Zilizobaki huzirudisha kidogo kidogo kadiri mwendo unavyoongezeka. Akizirudisha zote kwa mara moja, bawa litakosa nguvu kabla mwendo haujatosha, na ndege itazama.

Ukisafiri kwa jeti, omba kiti cha dirishani nyuma ya bawa. Utasikia mlio wa mota na kuona flapu zikitoka hatua kwa hatua, na mara nyingi ile ya mwisho hutoka dakika chache tu kabla ya kutua.