Nakivale hadi Mbarara: Hesabu ya mwuguzaji isiyoonekana kwenye rufaa

Mgonjwa wa saratani anayetoka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hupewa karatasi ya rufaa yenye jina lake na ugonjwa wake. Mtoto wake atakayemsindikiza hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara hana nafasi katika karatasi hiyo. Hata hivyo, mara nyingi yeye ndiye anayeamua iwapo matibabu yatafika mwisho.

Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia. Kumwona daktari, kwa hiyo, si kikwazo kikuu. Gharama huanzia pembeni: dawa iliyokwisha katika stoo ya hospitali, kipimo kinachofanyiwa nje, chakula cha kila siku, na mahali pa kulala. Mwuguzaji huja na mkeka, beseni na sufuria, kwa kuwa ndiye mpishi, mfuaji na mbebaji wa sampuli za damu. Mgonjwa akiwa amelazwa, mwuguzaji hulala sakafuni kando ya kitanda au barazani. Tatizo huwa kubwa zaidi pale mgonjwa asipolazwa.

Matibabu ya saratani kwa dawa za mishipani ndivyo yalivyo. Ratiba iliyozoeleka ni dozi moja kila baada ya siku 21, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Tuchukue mfano wa mama aliyeandikiwa dozi sita, anayesindikizwa na binti yake. Kutoka dozi ya kwanza hadi ya sita ni siku 105. Je, wakae mjini au waende na kurudi?

Viwango vifuatavyo ni vya kukadiria, ili hesabu ionekane. Tuseme nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, pamoja na bodaboda, ni shilingi 60,000, na gesti kwa usiku mbili ni 50,000. Usiku mbili ni wa lazima, kwani damu hupimwa kabla ya dozi na majibu husubiriwa. Kwa dozi sita hiyo ni 660,000. Wakipanga chumba kimoja, kile ambacho Waganda hukiita muzigo, kwa 100,000 kwa mwezi, miezi minne itagharimu 400,000. Kupanga kunaonekana nafuu, hadi chakula kiingie katika hesabu. Nakivale kuna shamba dogo la mahindi na maharage. Mjini hata kuni hununuliwa. Shilingi 8,000 kwa siku huwa 840,000 kwa siku hizo 105.

Hapo ndipo familia nyingi huchagua kwenda na kurudi. Ni uamuzi unaoeleweka, lakini una hatari ambayo hesabu ya fedha haiionyeshi. Kati ya siku ya saba na ya 14 baada ya dozi, chembe nyeupe za damu hushuka sana. Homa ya nyuzi 38 katika siku hizo ni dharura: mgonjwa anahitaji dawa za kuua bakteria kwa haraka, si panadoli na kusubiri asubuhi. Ukiwa Rubondo au Juru usiku, na mvua imeharibu barabara ya vumbi, Mbarara ni mbali mno.

Kwa maoni yetu, njia ya kati ndiyo bora kwa wengi: kukaa mjini wiki mbili za mwanzo baada ya dozi ya kwanza, kwa sababu hatari ya homa hiyo huwa kubwa zaidi katika mzunguko wa kwanza, kisha kuamua pamoja na daktari kulingana na mwili ulivyopokea. Mwenye chumba anayedai kodi ya miezi kadhaa mbele huifunga njia hiyo. Hapo hubaki ndugu, jirani wa zamani au waumini wenzao walioko mjini.

Kuna pia dozi inayoahirishwa. Kipimo kikionyesha damu haijapanda, mgonjwa huambiwa arudi baada ya wiki. Kitabibu ni jambo la kawaida. Kwa binti huyo ni 110,000 zilizotumika bure, na mara nyingi hapo ndipo mbuzi huuzwa.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kusafiri nchini, lakini msaada umefungwa na makazi. Anayekaa mjini huenda akakosa siku ya ugawaji, ambapo alama za vidole huhakikiwa. Tangu Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipowaondoa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda katika orodha ya msaada mwaka 2025, wengi hawana hata siku hiyo ya kukosa. Kwa walio bado orodhani, jambo la kuuliza kabla ya kupanda gari ni iwapo mtu mwingine anaweza kuandikishwa kupokea kwa niaba yao.