Mkatekumeni Asiyeona Sala Nyumbani



Katika daftari la wakatekumeni la parokia, karani huandika jina la mwanafunzi, umri wake, na dini ya wazazi. Siku hizi mara nyingi mahali pale pa dini ya wazazi huandikwa mstari tu, maana nyumbani hakuna dini yo yote. Hakuna anayesali kabla ya kula wala kabla ya kulala. Mtoto wa nyumba ya Kikristo amejifunza Ishara ya Msalaba mgongoni mwa mama yake. Lakini huyu anaingia darasani akiwa na miaka 19, na mkatekista anamwambia, "Sali, funga, toa sadaka." Maneno anayasikia, bali hajapata kumwona mtu akiyatenda.

Ninyi mtakaokuwa wasimamizi wake wa ubatizo, au jirani zake, mtaulizwa naye mambo haya kabla hajamwuliza Padre. Basi tuyaangalie.

Kwanza, sala. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kumpa sala nyingi mno kwa mara moja. Atazisema wiki mbili, kisha ataziacha zote. Kile kitabu cha kale kiitwacho Didake, kilichoandikwa wakati Kanisa lilipokuwa bado changa, kiliwaagiza Wakristo kusali Baba Yetu mara tatu kwa siku. Hicho ni kiasi cha mtu anayeanza. Tena sala ifungwe na jambo ambalo analifanya kila siku hata bila kukumbushwa: anapoamka, anapokula chakula cha mchana, anapotandika mkeka usiku. Ishara ya Msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe Baba: havizidi dakika mbili. Akilala chumba kimoja na wadogo zake, asali kimya huku amekaa. Hapana haja ya kuwaamsha wala kuwakaripia kwamba wao hawasali.

Utajuaje kama anasali, au anakariri tu kama hesabu za shuleni? Usimwambie asome sala mbele yako, maana ataisoma vizuri. Mwulize, "Jana usiku ulimwombea nani?" Akikutajia mtu, hata kama ni mbuzi wake aliyepotea, jua kwamba sala imeanza. Akinyamaza, mfundishe kuweka jina moja baada ya Baba Yetu, na asante moja kwa jambo la siku ile. Jina la kesho na liwe jingine.

Sasa kufunga, na hapa ndipo pana fujo nyingi. Kijana huyu kufunga anakujua kwa kuwaona jirani zetu Waislamu mwezi wa Ramadhani, wasiokula wala kunywa maji tangu alfajiri hata jua kuchwa. Basi naye hujaribu vivyo hivyo, akishika jembe juani bila tone la maji. Mwelezeni kwamba kwa desturi yetu maji hayavunji mfungo. Tangu Papa Paulo wa Sita alipoipanga upya sheria hii mwaka 1966, siku za kufunga zilizoamriwa Kanisa zima ni mbili tu kwa mwaka: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Siku hizo mtu hula mlo mmoja kamili, na aweza kuonja kidogo asubuhi na jioni. Sheria humshika aliyetimiza miaka 18 mpaka atimize 59. Kuacha nyama huanza anapotimiza miaka 14. Mgonjwa, mama mwenye mimba na mama anyonyeshaye wasitiwe hofu, wale chakula chao.

Tena jambo ambalo hata Wakristo wa zamani hushangaa kulisikia: sheria hizi za Kanisa huwafunga waliobatizwa. Mkatekumeni bado hazijamfunga. Anafunga ili ajifunze. Asipoweza, hana dhambi ya kuvunja amri, na asije akakimbia darasa kwa aibu.

Shida kubwa zaidi iko jikoni. Bibi yake amepika ugali, kijana anasema, "Sili leo." Bibi hajui Kwaresima ni nini. Atadhani mjukuu ameudhika, au ni mgonjwa, au ameambiwa kwamba chakula cha nyumba isiyosali ni najisi. Nyumba zimegombana kwa ajili ya sahani moja iliyorudishwa. Kwa hiyo kijana na amwambie bibi siku moja kabla, kabla unga haujapimwa: "Bibi, kesho mchana usinipikie; jioni nitakula nawe." Akikuta chakula kimekwisha pikwa kwa ajili yake, ale kwa shukrani, afunge siku nyingine. Siku isipokuwa Jumatano ya Majivu wala Ijumaa Kuu, mfungo wake ni wa hiari, na heshima ya bibi haina siku ya pili.

Sadaka huzaliwa hapo hapo katika unga uliobaki. Mwanafunzi wetu akisikia neno sadaka hufikiri kikapu cha Jumapili, naye hana senti. Katika karne ya pili, kitabu kilichoandikwa Roma, kiitwacho Mchungaji wa Herma, kilifundisha kwamba siku unapofunga uhesabu thamani ya chakula ambacho ungekula, umpe mjane au yatima au mhitaji. Bila hivyo, chakula ulichojinyima kinabaki ghalani mwako kikikungoja wewe mwenyewe kesho.

Tufanye hesabu. Tuseme kijana anaacha mlo wa mchana Jumatano ya Majivu na kila Ijumaa ya Kwaresima. Ijumaa hizo, pamoja na Ijumaa Kuu, ni saba; jumla siku nane. Ugali wa mtu mmoja mzima ni kama robo kilo ya unga. Mara nane ni kilo mbili. Unga huo ukitiwa katika kopo lenye kifuniko, pasipo na unyevu, unafika Pasaka salama, na mjane mwenye watoto wawili wadogo anapika siku mbili au tatu.

Lakini unga ni wa nani? Ni wa bibi. Kijana akiuchota kwa siri na kumpa mjane, ametoa sadaka ya mali ya mwingine. Yampasa kuomba: "Bibi, unga ambao sikula, waweza kunipa nimpelekee fulani?" Bibi akikubali, vema. Akikataa, kwa kuwa njaa ipo na wadogo ni wengi, unga ule na uwashibishe wadogo, wala asinung'unike, kwa sababu nao ni wahitaji. Yeye atoe alicho nacho: saa ile ya mlo amchotee yule mjane ndoo mbili za maji, au ampasulie kuni. Sadaka hiyo haimpunguzii bibi hata punje moja.

Na jina la mjane yule ndilo la kutaja usiku baada ya Baba Yetu.

Neno moja la mwisho kwa wasimamizi. Usiku wa Pasaka akiisha kubatizwa, sheria zinamshika kama zinavyokushika wewe. Kijana wetu wa miaka 19 atafunga kwa amri Jumatano ya Majivu ijayo. Yule wa miaka 15 aliyebatizwa pamoja naye ataacha nyama tu, na kufunga kwa amri kutamngoja hata atimize 18. Wapigieni hesabu mapema, wasije wakauliza asubuhi ile ile wakiwa njiani kwenda kupakwa majivu.