Kurudi ulikotoka sio kosa, kosa ni kurudi mikono mitupu

Najua nimepotea karibu wiki tatu, test zilinibana na baadaye ikaja ile asaimenti ya kikundi ambayo watu sita wanaandikwa majina ila wanaofanya ni wawili. Hiyo tuiache. Leo naandika kuhusu ugomvi wa chumbani kwetu, na ugomvi wenyewe ni wa gemu.

Wanaonijua wanajua kwamba tangu mwezi uliopita nachora ramani ya gemu kwenye karatasi za grafu (zile zilizobaki za somo la takwimu). Mshikaji mmoja wa kompyuta sayansi ameahidi kuiandikia kodi ramani ikikamilika. Ni gemu la aina inayoitwa Metroidvania, jina lililotokana na kuunganisha Metroid na Castlevania. Kwenye gemu za aina hii hakuna levo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kuna dunia moja kubwa, na sehemu nyingi zimefungwa. Ukipata uwezo mpya, mfano kuruka juu zaidi au kulipua ukuta, unarudi ulikopita na kufungua palipokushinda.

Basi Jumamosi nikampa jamaa ninayekaa naye chumba kimoja ajaribu ramani yangu. Anacheza kwa kidole, mimi namsomea kilichomo kwenye kila chumba. Ramani ina vyumba 30. Chumba cha 4 kina ukuta wenye ufa, na bomu la kuupasua liko chumba cha 22. Jamaa akafika cha 22, akachukua bomu, akaniuliza, "Sasa niende wapi?" Nikamwambia kumbuka ule ukuta. Akaanza kurudi: 21, 20, 19... Alipofika 13 akaitupa penseli. "Kaka, hili sio gemu, hii ni daladala iliyokosa abiria inarudi stendi." Hesabu yake ilikuwa sahihi. Vyumba 18 kurudi, na vingine 18 kwenda tena mbele, jumla 36, na ndani yake hakuna kitu ambacho alikuwa hajakiona.

Hapo ndipo akatoa hoja yake kubwa, kwamba gemu zote za kurudi nyuma ni ujanja wa watengenezaji. Hawana hela ya kutengeneza vyumba vipya kwa hiyo wanakuzungusha kwenye vile vile. Nakubali nusu. Ramani yangu ilikuwa mbovu, sina utetezi. Ila kusema kurudi nyuma kwenyewe ndiko kubaya, hapo nakataa, na ushahidi wangu ni Super Metroid, gemu la Nintendo la mwaka 1994, ambalo nimelimaliza mara nne.

Chukua sehemu moja tu. Kuna eneo linaitwa Brinstar, na upande wake wa mawe mekundu kuna shimo refu limesimama kama kisima. Mara ya kwanza unaingilia pembeni na kushuka. Humo ndani kuna vidudu vinaitwa Ripper, vinaruka kushoto na kulia kwa mwendo ule ule, bunduki yako ya kawaida haiviui, na kazi yake ni kukukera tu. Unavipita unaenda zako. Unafika mbali, hadi Norfair kwenye joto, na huko unapata Ice Beam, mionzi ya kugandisha maadui. Baadaye unarudi chini ya lile shimo. Kutazama juu unakuta ngazi hamna, na kuruka kwako hakufiki. Ndipo akili inacheza: unampiga Ripper mmoja, anaganda pale pale hewani, unapanda mgongoni kwake, unampiga wa juu, unapanda tena. Wale wale waliokuwa kero ndio wamekuwa ngazi.

Angalia kilichotokea hapo. Shimo ni lile lile, vidudu ni vile vile, hakuna aliyetumia hela kutengeneza chumba kipya. Kilichobadilika ni wewe, na kwa sababu hiyo maana ya chumba nayo imebadilika. Ungekuwa umepewa mlango mwekundu na ufunguo mwekundu, ungefungua na kusahau. Ila ukigandisha ngazi yako mwenyewe unasikia kwamba umegundua kitu.

Na haiishii hapo. Ukipanda kupitia humo unapata Power Bomb, na lifti ya huko juu haikurudishi kwenye njia uliyojia. Inakutoa Crateria, upande wa mashariki wa pale ulipotua na chombo chako mwanzo wa gemu, karibu na njia ya kwenda kwenye meli iliyoanguka, Wrecked Ship. Yaani ulidhani unarudi, kumbe unazunguka na kutokea upande usiowahi kuukanyaga. Hii ndiyo siri ambayo jamaa yangu haioni: kwenye ramani nzuri njia ya kurudi ni duara. Na utakapotaka kushuka tena kwa njia hiyo, lile shimo ulilopanda kwa jasho unaliangukia kwa sekunde chache tu. Ugumu unaupata mara moja, baada ya hapo njia ni ya mkato.

Sasa nije kwenye kipande ninachokipenda kuliko vyote. Unapotoka Brinstar kwenda kwa Kraid au Norfair unapita ndani ya bomba la kioo. Nje ya kioo ni maji, unaona kabisa kuna eneo zima huko, lakini mlango hakuna. Unapita kwenda, unapita kurudi. Hakuna maandishi wala mshale. Saa nyingi baadaye una Power Bomb, unapita tena pale, unajisemea ngoja nijaribu. Unaitega katikati ya bomba. Kimya kidogo, kisha kioo chote kinapasuka, na eneo la Maridia limefunguka.

Kufuli hiyo inafanya kazi kwa sababu mbili. Kwanza umeiona kabla ya ufunguo, na hukuiona mara moja tu, kwa maana imewekwa kwenye njia ambayo lazima uipite. Ule ufa wangu wa chumba cha 4 jamaa aliupita mara moja, haraka haraka, kabla hajazoea hata gemu lenyewe, halafu mimi nategemea aukumbuke vyumba 18 baadaye! Pili, Power Bomb sio ufunguo wa kioo peke yake. Inafungua milango ya njano, inavunja kuta zilizojificha, inaua maadui karibu wote walio kwenye skrini. Kifaa chenye kazi moja ni ufunguo tu. Chenye kazi nne kinakufanya upite kwenye vyumba vya zamani ukiwa na maswali.

Lakini nisiwadanganye wadau, hata hapo pana kasoro. Kile kioo kimewakwamisha watu wengi sana, nikiwemo mimi, kwa sababu hakuna maandishi yanayokuambia kwamba kioo hupasuka. Na hata ukikipasua mapema, bila Gravity Suit ya kule Wrecked Ship utatembea ndani ya maji kama mtu aliyevaa viatu vya zege. Mtu akicheza kila siku atakumbuka. Mtu kama mimi, aliyeacha gemu wiki tatu kwa ajili ya test, akirudi hakumbuki hata alikuwa anatafuta nini, na ramani ya gemu haimkumbushi kilichomshinda.

Hili gemu za karibuni zimelishughulikia. Hollow Knight ya 2017 inakuuzia alama za kubandika mwenyewe kwenye ramani. Prince of Persia: The Lost Crown ya 2024 imekwenda mbali zaidi, unapiga picha ya pale palipokushinda na picha inakaa kwenye ramani mahali pake. Mimi naona hii ni bora kuliko kuweka mshale wa nenda hapa, kwa sababu kazi ya kuwaza inabaki kwako. Mshale ungeua lile gandisho la Ripper pale pale.

Jamaa naye akanirushia mfano wake, na nakiri una uzito. Metroid Prime ya 2002, gemu zuri mno, ila kuingia sehemu ya mwisho inakutaka uwe na vipande 12 vinavyoitwa Chozo Artifacts, vimetawanywa dunia nzima. Usipokuwa umeviokota njiani, mwishoni unazunguka kutoka lifti hadi lifti, maadui wamerudi mahali pao, na ukifika unachopata ni kipande tu. Hakikupi mruko wala silaha, hakibadilishi chochote unachoweza kufanya. Ndiyo kurudi mikono mitupu ninakokusema kwenye kichwa cha habari. Kwa hiyo jamaa yuko sahihi kuhusu kisa, amekosea kuhusu sababu.

(Wenzangu wa elimu mtakuwa mmeshanusa Bruner humu, na yule wa mtaala wa mzunguko wa 1960: unairudia mada ile ile, kila mara ukiwa na uwezo mkubwa zaidi. Lekchara akisikia nimemtumia Bruner kwenye gemu sijui atanipa maksi au atanitoa nje.)

Nimeirekebisha ramani jana usiku. Bomu limebaki chumba cha 22, ila sasa sakafu ya 22 ni dhaifu. Bomu lako la kwanza linaipasua na unaanguka moja kwa moja hadi chumba cha 6. Toka 6 hadi 4 ni vyumba viwili badala ya 18. Chumba cha 6 nimekifanya njia panda, unakipita mara tatu kabla ya kupata bomu, na ukuta wenye ufa nimeuhamishia mahali ambapo unauona kutoka humo. Na nyuma ya ukuta kuna njia inayotokea chumba cha 24, kwa hiyo hamna kupanda tena 18. Bado nina shida na chumba cha 11, mtu akikosa kuruka pale anaangukia mahali ambapo hawezi kutoka kabisa. Nadhani itabidi niweke ngazi.

Jamaa amegoma kujaribu tena mpaka nimnunulie chipsi mayai. Bumu bado halijatoka. Kama kuna mdau mwenye nusu saa na penseli yake, nipo kantini kesho kuanzia saa kumi jioni, meza ya karibu na bomba.